SOMO: Kikoba chetu kinunue dhahabu? Maneno ya mwenyekiti

Ndugu wanakikoba, swali hili linarudi kila kikao. Leo nalijibu hatua kwa hatua. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Hisa za kugawana mwisho wa mzunguko zisiguswe. Dhahabu ilikaribia dola 1,900 kwa aunsi mwaka 2011, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa kama 1,050. Kikundi kinachovunja sanduku kila Desemba hakiwezi kungoja miaka minne.

2. Dhahabu ghafi ya machimboni tusiiguse. Hapa Tanzania, kuinunua bila leseni ya madini ni kosa.

3. Pigeni hesabu ya kuuza kabla ya kununua. Tuseme dhahabu iliyomo kwenye mkufu ina thamani ya 2,000,000. Sonara anaongeza ujira wa asilimia 15, mnalipa 2,300,000. Siku ya kuuza anapima uzito tu, ujira haurudi, naye anakata asilimia 5: mnapata 1,900,000. Bei lazima ipande kwa asilimia 21 ndipo mrudishe fedha yenu. Milioni hizo mbili zikikopeshwa kwa miezi mitatu mitatu, riba asilimia 10 kila awamu, zinaleta 800,000 kwa mwaka, wakopaji wakilipa.

4. Pimeni kabla ya kulipa. Hapa ndipo vikundi vinapoumia, kwa sababu wanaamini muhuri wa 916, yaani karati 22, na muhuri huo hata fundi wa mtaani anaugonga. Tumieni mzani unaosoma sehemu ya mia ya gramu. Pimeni pete ikiwa kavu. Kisha wekeni kikombe cha maji juu ya mzani, rudisheni namba kwenye sifuri, muizamishe pete kwa uzi mwembamba. Isiguse chini wala ukingoni, la sivyo mzani utasoma uzito wa pete. Gaweni uzito mkavu kwa namba iliyotokea. Pete ya gramu 20 ikisoma 1.13, jibu ni 17.7: karati 22. Ikisoma 2.35, jibu ni 8.5, na hiyo ni shaba nyeupe iliyopakwa. Yenye kito au uwazi ndani haipimiki hivi.

MASWALI

Mjumbe: Kuna kijana anauza dhahabu ghafi kwa nusu bei, tuchukue?
Mwenyekiti: Soma hatua ya 2.

Mjumbe: Si sumaku inatosha?
Mwenyekiti: Shaba nayo hainaswi na sumaku. Nimeeleza kipimo kirefu kwa sababu hiyo, mama.

Mweka hazina: Kuna metali nzito kama dhahabu inayoweza kupita kipimo cha maji?
Mwenyekiti: Swali zuri, dada. Tangsteni ni 19.25, dhahabu safi 19.3. Kipande kilichofichwa tangsteni katikati kitapita. Kwa hiyo vipande vinene visivyo na risiti tuviache. Kipande chembamba sonara anaweza kukikata mbele yenu.

Mjumbe: Namba yangu inabadilika kila nikizamisha.
Mwenyekiti: Mapovu yamenasa kwenye nakshi. Tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji, tikisa uzi taratibu, kisha soma.