Somo: kujua picha ya bafuni imepigwa wapi kupitia shawa ya umeme (soma yote ndo uulize)

Kila wiki naulizwa hili hili na mtu ambaye ameona shawa ya umeme kwenye picha akakimbilia kusema "hii ni Brazil", au mwenzake akasema "hii ni Nairobi, hata kwetu ipo". Naandika mara moja, mtu akiuliza tena nampa hili.

1. Pata picha yenye ubora mkubwa kadiri unavyoweza.

2. Tafuta maandishi yoyote uone kama picha imegeuzwa kama kwenye kioo.

3. Angalia maji ya moto yanatoka wapi. Tenki la hita ukutani, boksi dogo lenye mpira wa shawa, au kichwa cha shawa kinene chenye nyaya zinazoingia juu yake. Hicho kinene ndo tunachozungumzia leo. Kimejaa Brazil, kipo Guatemala, Costa Rica na Kolombia, na kipo pia Kenya na Uganda.

4. Hapa ndo watu wengi wanaangukia, msome taratibu. Usiamue kwa jina la kampuni wala kwa maneno yaliyoko kwenye shawa. Lorenzetti ni ya Brazil ila inauzwa hadi Kenya, kwa hiyo ukiliona jina hilo umejua kiwanda tu, hujajua nyumba. Hata ukisoma "Verão" na "Inverno", yaani kiangazi na baridi kwa Kireno, ichukulie kama dokezo tu. Na mpira wa kujisafishia pembeni ya choo usikudanganye ukaitoa Brazil eti wao hawatumii maji, wanao sana, wanauita ducha higiênica. Kinachosema kweli ni kazi ya fundi umeme, kwa sababu shawa inasafiri kwenye kontena lakini swichi zinafuata desturi ya nchi. Kenya na Uganda wamerithi mambo ya Mwingereza: kibati cha swichi ni cha mraba, shawa ina swichi yake kubwa ukutani, mara nyingi na kitaa chekundu, na soketi ya kawaida ndani ya bafu ni nadra. Brazil kibati ni mstatili uliosimama, shawa mara nyingi haina swichi ukutani, na soketi karibu na sinki ni kawaida, ina matundu matatu ya duara ndani ya kishimo chenye pembe sita. Ukikuta matundu ya pini bapa, geukia Amerika ya Kati na Kolombia.

5. Ukishapata kundi la nchi, toka bafuni. Kenya na Uganda huwezi kuzitenganisha kwa bafu peke yake.

Mfano. Mdau alitumiwa tangazo la apatimenti Kilimani, anatakiwa alipe depoziti kabla ya kuiona. Picha ya bafu ina shawa ya umeme na mpira pembeni ya choo, akaona ni Nairobi kabisa. Nikavuta pale kwenye sinki: kibati kimesimama, soketi ya pembe sita, na swichi ya shawa haionekani popote. Picha ni ya Brazil, hakulipa.

MASWALI

Kijana_wa_Bodaboda: mkuu mi nina picha shawa ni Lorenzetti, ni Brazil si ndio?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana_wa_Bodaboda: nimesoma juu juu, niambie tu

Mwandishi: Swichi ikoje? Hujaiangalia, basi hata mimi sina jibu.

Chui77: kuna dada kanikatia mawasiliano ila kapost selfi bafuni, nataka kujua kahamia mji gani

Mwandishi: Hapana. Amekukatia, muache. Usiulize tena hapa.

Mama Nuru: Samahani kaka, mpira wa choo unaweza kutusaidia wenyewe bila shawa?

Mwandishi: Swali zuri dada. Angalia umeungwa wapi. Ukitoka kwenye koki ya ukutani au ile ya tenki la choo, ni eneo kubwa mno: pwani yetu, Ghuba, India, Thailand. Ila ukitoka kwenye bomba la sinki lenyewe, sinki likiwa jirani na choo, fikiria Finland au Estonia.

Mama Nuru: Na vyoo vya kuchuchumaa?

Mwandishi: Kikiwa na kikofia kilichoinuka upande mmoja na hakina sehemu za kukanyagia zenye mistari, anza na Japani, mtu anachuchumaa akikitazama hicho kikofia. Chenye makanyagio pande zote mbili kipo Uturuki, India, kwetu, hata Ufaransa kwenye vyoo vya zamani, kwa hiyo hakikupeleki mbali.

Fundi_Ilala: Naongeza, Afrika Kusini nao wana soketi mpya inayofanana sana na ya Brazil, msije mkachanganya.

Mwandishi: Kweli fundi. Ila kule maji ya moto kwa kawaida yanatoka kwenye tenki, kwa hiyo soketi ile pamoja na shawa yenye nyaya bado inakurudisha Brazil. Soketi peke yake bila shawa, acha zote mbili mezani.