Somo: either, neither, both na nor, na kitenzi kinachofuata

Wiki hii nimeulizwa mara nne kama ni "neither is" au "neither are". Naandika jibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Maneno both, either na neither yakikaa mbele ya nomino huhusu vitu viwili tu. Vikifika vitatu, tumia all, any au none.

Hatua ya 1. Both ni wingi siku zote: *Both doors are open.*

Hatua ya 2. Either ni chochote kati ya viwili, na kitenzi chake ni cha umoja: *Either day is fine.*

Hatua ya 3. Neither nayo ni umoja: *Neither door is open.* Ukiongeza of, nomino inageuka wingi lakini kitenzi kinabaki umoja: *Neither of the doors is open.* Wenye lugha yao wakizungumza husema sana "are" hapo, kwa kuwa sikio limeshashika doors. Kwenye mtihani na barua rasmi andika is.

Hatua ya 4. Kanusho liko wapi? Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole. Niliwahi kuandika ripoti nikitaka kusema kwamba fomu wala risiti hazikusainiwa. Nikaandika: *Neither the form nor the receipt was not signed.* Aliyeisoma akaelewa kuwa zote mbili zimesainiwa, akaendelea na kazi. Kosa halikuwa lake, maana sentensi yangu ndivyo ilivyosema.

Chanzo ni wala yetu. Kwa Kiswahili tunasema "Juma wala Asha hakuja", na kanusho linakaa ndani ya kitenzi. Kwa Kiingereza kanusho limeshabebwa na neither, hivyo kitenzi kinabaki cha kukubali: *Neither Juma nor Asha came.* Ukikanusha tena, makanusho mawili yanafutana.

Kabla hujatuma, tafuta neither katika sentensi yako, kisha angalia kitenzi chake. Ukikuta not au n't, iondoe. Ukitaka kuiacha, geuza neither iwe either na uiweke baada ya kitenzi: *I didn't see either of them.* Usiitangulize kama kiima, yaani usiandike "Either of them didn't come". Jihadhari pia na "Both of them didn't come". Msomaji anaweza kujiuliza kama labda mmoja alikuja. Sema *Neither of them came.*

Hatua ya 5. Katika neither … nor, kitenzi hufuata nomino iliyo karibu nacho. *Neither the teacher nor the students are ready*, lakini *Neither the students nor the teacher is ready.* Zote ni sahihi. Mimi huweka wingi mwishoni kwa sababu inasomeka laini. Either … or hufuata kanuni hiyohiyo. Both … and ni are tu.

Maswali

kisima: Kwa hiyo neither of them ni is au are?

Mwandishi: Hatua ya 3. Imeandikwa.

kisima: Nilisoma harakaharaka. Lakini nasikia watu wengi wanasema are.

Mwandishi: Na hilo pia limo kwenye hatua ya 3.

mpendalugha: Mtu akisema "I don't smoke", mimi nijibu "Me neither", "Neither do I" au "I don't either"? Na kwa nini do inaruka mbele?

Mwandishi: Swali zuri sana. Zote tatu hutumika, ila "Me neither" ni ya mazungumzo. Neno la kukanusha kama neither au nor likianza sentensi bila kuwa sehemu ya kiima, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: *Neither do I. She didn't call, nor did she write.* Tazama hiyo did: haina not, ni ileile ya hatua ya 4. "I don't either" ina kanusho kwenye don't, ndiyo maana inachukua either. Jaribu mwenyewe na *He can't swim.*

mpendalugha: *Neither can I.* Au *I can't either.*

Mwandishi: Barabara.

daftari: Na "Neither you nor I"? Am au are?

Mwandishi: Kwa kanuni ya ujirani ni am: *Neither you nor I am late.* Wengi huiona nzito. Ipange upya: *You aren't late, and neither am I.*

mwanga: Matamshi je? Aidha au iidha?

Mwandishi: Yote mawili yanakubalika. Waingereza hupendelea aidha, Wamarekani iidha. Chagua moja, na neither uitamke kwa namna hiyohiyo.

daftari: Ndiyo maana watu husema "aidha uje au ubaki"?

Mwandishi: Naona ni mwangwi wa either. Aidha yetu ilitoka Kiarabu na maana yake ni vilevile, tena. Mimi huandika "ama uje ama ubaki".