Kipimo cha hofu kikishuka sana, usikimbilie kununua

Kipimo cha hofu na tamaa cha bitikoini, cha kuanzia 0 kwa hofu kuu hadi 100 kwa tamaa kuu, kikizama chini ya 10, usinunue siku hiyo. Subiri kipande tena juu ya 25. Nusu yake hutokana na mtikisiko wa bei yenyewe pamoja na kasi na wingi wa biashara sokoni, kwa hiyo hueleza kilichokwisha tokea. Mei 2022 kilifika 8 bei ikiwa karibu dola 30,000. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa chini ya 20,000. Kusubiri nako huchenga: Agosti kilivuka 40, Novemba bei ikaporomoka tena. Upande wa tamaa ni mbaya zaidi. Aliyeuza kilipopita 90 Novemba 2020 aliitazama bei ikizidi mara mbili hadi Januari.