Somo: Kumchagulia mama pambo la siku ya kuzaliwa ambalo atalivaa kila siku

Meza yangu ya usonara inapokea mapambo ya aina mbili. Kuna yaliyochakaa kwa kuvaliwa, na kuna yaliyokatika au kubabuka kabla hayajavaliwa sawasawa. Hayo ya pili, ukiuliza, mengi yalikuwa zawadi.

Na mimi simo nje. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilimnunulia mama bangili nene ya kuchovya, shaba iliyopakwa dhahabu kwa juu, kwa sababu ilikuwa kubwa na hela niliyokuwa nayo ilitosha. Baada ya miezi michache, upande wa ndani, pale inaposuguana na kifundo cha mkono, shaba ikaanza kuchungulia. Mama hakusema kitu. Niliikuta siku moja kwenye kopo lake la vifungo na sindano, nikaelewa.

Somo hili ni la pambo la kila siku. La sherehe lina mambo yake, tutalizungumza siku nyingine.

Hatua ya 1: Soma alichokwisha kuvaa

Usimuulize anapenda nini, atakwambia usijisumbue. Tazama kisanduku chake akiwa hayupo, au mwombe ndugu anayekaa naye akutazamie. Usitafute kilicho kizuri, tafuta kilichochakaa. Hereni iliyolika ukingo, mkufu ambao pingili zake zimekonda karibu na kifungo, pete iliyopinda kidogo kufuata kidole, hivyo ndivyo anavyovipenda.

Fedha ina siri yake nyingine. Ikikaa bure huwa nyeusi, lakini ikivaliwa kila siku husuguliwa na ngozi na nguo, ikabaki kung'aa. Kwa hiyo ukikuta mikufu mitatu ya fedha, miwili imefifia na mmoja unang'aa, jibu umelipata bila kuuliza.

Piga picha pambo hilo likiwa kando ya rula. Mkufu ulaze umenyooka, upime pamoja na kifungo chake. Wenye sentimita 40 hukaa karibu na koo, wa 45 hufika kwenye mifupa ya mtulinga chini ya shingo, wa 50 hushuka kidogo chini yake. Tofauti ya sentimita 5 dukani huioni, lakini shingoni inaamua kama kidani kitaonekana au kitazama ndani ya nguo.

Hatua ya 2: Fuata mikono yake tangu asubuhi

Hapa ndipo wengi wanaruka. Nitawaeleza kwa kisa cha kijana mmoja aliyenijia akitaka mkufu wenye kidani kwa ajili ya mama yake anayetimiza miaka 60. Nikamwambia aniambie siku ya mama inavyokwenda.

Mama ni fundi cherehani. Bangili, basi, tukaitoa mara moja, maana ingekuwa inanasa nyuzi na kugonga meza kutwa nzima. Pete nayo ingekwaruzana na mkasi. Mkufu? Kijana akasema mama huvaa miwani ya kusomea yenye kamba, ananing'iniza kifuani. Mkufu na kamba ya miwani vikikaa shingo moja havipatani, vinasokotana mpaka kimojawapo kikatike, na hakitakuwa kile cha kamba.

Yakabaki masikio. Nikamuuliza anavaa hereni gani. Akanionyesha picha. Zilikuwa ndogo za njano, lakini tundu la sikio la kushoto lilikuwa limevutika, limekuwa mstari badala ya nukta. Hilo hutokana na hereni nzito za miaka mingi. Basi zenye ndoano za kuning'inia zikaondoka pia, halafu huwa zinanasa kwenye kitambaa cha kichwa. Tulichokuwa tunatafuta sasa kilijulikana: hereni ndogo za njano, bapa, zinazokaa juu ya ndewe, nyepesi.

Mnaona kwamba bado hatujagusa bei. Ukianza na bei, duka ndilo litakalokuchagulia.

Hatua ya 3: Bajeti iende kwenye metali

Kwa pambo la kila siku, pesa yangu naiweka kwenye metali na kifungo kwanza. Kito kinafuata, kikiwepo. Kito kidogo cha bei kikiwa kimeshikwa na kucha nyembamba za metali dhaifu kitadondoka, utabaki na tundu.

Karati 24 ni dhahabu tupu, na ni laini mno kwa matumizi ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na metali nyingine. Karati 18 huwa na dhahabu asilimia 75, ikagongwa chapa 750. Karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Fedha nzuri ya mapambo ni 925.

Watu wengi wanang'ang'ania karati kubwa hata bajeti ikiwa ndogo, wanaishia kununua kitu chembamba kama unywele. Hesabu yake ni hii: gramu 2 za 750 zina gramu 1.5 za dhahabu tupu. Gramu 4 za 375 nazo zina gramu 1.5 zile zile. Dhahabu ni sawa, lakini la pili lina metali mara mbili. Gharama ya kazi ya mikono inaweza kutofautiana, ila kwa mtu mwenye bajeti ya kubana ningechagua lenye mwili. Kasoro yake ni kwamba 375 rangi yake imepauka kidogo, na shaba na fedha vilivyomo ndani vinaweza kufifia, hasa kwa anayetoka jasho sana.

Vya kuchovya je? Tabaka la dhahabu juu yake mara nyingi halifiki hata maikroni 1, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Kwenye hereni, pasipo msuguano, linaweza kudumu. Kwenye bangili na pete, mmeshasikia yaliyonikuta. Bajeti ikiishia hapo, afadhali fedha 925 ya kweli kuliko njano ya kuigiza.

Kijana wangu alikuwa na fungu lake, tuseme 100. Hereni za 375, bapa, upana wa milimita 8, zote mbili gramu 2, zilimla 80. Vibanio vipana vya nyuma vikala 8. Zilizobaki tuliziacha kwa kisanduku na kwa marekebisho kama yangetakiwa.

Vile vibanio ndivyo ninavyovisifu zaidi. Tundu likiwa limevutika, kibanio kidogo huzama na hereni inainama kutazama chini. Kibanio cha milimita 9 au 10 hushika ndewe kwa nyuma, uso wa hereni ukasimama wima.

Hatua ya 4: Kaunta ya duka

Omba lenzi, tafuta chapa. Kwenye hereni huwa kwenye kijiti au kibanio, kwenye mkufu huwa karibu na kifungo. Omba lipimwe gramu mbele yako na uzito uandikwe kwenye risiti pamoja na karati.

Wengine huja na sumaku. Sumaku ikivuta mwili wa mkufu, weka chini uondoke. Lakini isipovuta haijathibitisha lolote, kwa kuwa shaba nayo haivutwi. Na ikivuta kifungo peke yake usiogope, ndani mna springi ndogo ya chuma.

Kifungo kijaribu wewe mwenyewe ukiwa umefumba macho, mikono nyuma ya shingo. Kikikusumbua wewe, mama atakiacha kwenye sahani.

Hatua ya 5: Kubadilisha

Uliza kabla ya kulipa. Maduka mengi hayapokei hereni zilizokwisha pita sikioni. Mkufu hurekebishika kwa urahisi: sonara akikuongezea pingili za ziada za sentimita 5, mama atachagua mwenyewe urefu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mama yangu akivaa hereni masikio yanamwasha na kutoa maji. Nimnunulie nini?*

Mara nyingi ni nikeli. Epuka za kuchovya zisizojulikana chini kuna nini, na dhahabu nyeupe mpaka muuzaji aseme kwa maandishi kwamba haina nikeli. Titani ndiyo salama zaidi, na ni nyepesi. Dhahabu ya njano ya 750 nayo kwa kawaida haisumbui. Angalia kijiti, maana ndicho kinachopita kwenye nyama. Uso wa hereni unaweza kuwa mzuri na kijiti kikawa kitu kingine kabisa. Kama bado panatoa maji, apone kwanza.

*Mama vidole vinamuuma viungo, hawezi kufunga mkufu. Nimeona vifungo vya sumaku.*

Vinafunga vizuri kwa mkufu mwepesi, ila mkufu ukivutwa vinaachia. Kama mama amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, sumaku isikaribie kifua chake. Njia yangu mimi ni mkufu wa sentimita 70. Unapita kichwani bila kufunguliwa.

*Mama anapenda lulu. Zinafaa kila siku?*

Lulu ni laini, hukwaruzika, na asidi huila. Manukato, mafuta ya nywele na jasho huufifisha uso wake. Hereni za lulu zinavumilia kuliko mkufu au pete, mradi avae baada ya kujipaka kila kitu na azifute kwa kitambaa laini akivua. Mkufu wa lulu uwe na fundo kati ya lulu na lulu. Uzi ukikatika, itapotea moja badala ya kumwagika zote.

*Tuko ndugu watatu, tumechanga, na dada mkubwa ameshikilia kwamba iwe pete. Tunapataje saizi bila mama kujua?*

Chukueni pete anayoivaa, mpime kipenyo cha ndani kwa milimita, sehemu mbili tofauti, kwa sababu pete nyingi za zamani si duara kamili. Milimita 17 ni mzunguko wa milimita 53 hivi. Andikeni pia ni ya kidole gani na mkono gani. Fundo la kidole likiwa limenenepa kuliko shina lake, pete itakayopita itakuwa inazunguka, na kito kitageukia kiganjani. Hapo chagueni pete isiyo na kito. Na isiwe yenye vito pande zote, hiyo kuikuza au kuipunguza ni shida. Isiyo na kito upande wa chini naikata na kuiunga, mama anarudi nayo siku hiyo hiyo.