Somo: Ukuta wa mawe bila saruji, na kwa nini wangu ulitoa kitambi

Kamwene wakuu. Ukuta wangu wa kwanza, nje kidogo ya Iringa mjini, ulidumu masika moja. Ulianza kutoa kitambi, na mwezi Machi ukamwaga mawe kwenye mahindi. Nilipoufumua nikaona nilichojenga: kuta mbili nyembamba zimesimama bega kwa bega, katikati udongo. Niliurudia hivi, kimo mita 1.2.

1. Chimba hadi udongo mgumu, panga humo mawe makubwa kabisa. Upana wa chini sm 75.

2. Juu uishie sm 35, yaani kila upande ulalie ndani sm 20. Usikadirie kwa jicho. Gonga fremu ya mbao yenye umbo hilo kila mwisho, vuta kamba mbili, zipandishe kozi kwa kozi. Ukilala hivyo, pande mbili zinaegemeana badala ya kuachana.

3. Upande mrefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta. Sisi tuliozoea tofali mkono unatutuma kulilaza kufuata kamba: linapendeza, lakini halina mkia wa kulishika. Kila jiwe likalie mawili. Jointi zikifuatana wima kozi tatu, huo tayari ni ufa.

4. Kabla ya kupanda kozi nyingine, jaza katikati kwa mawe madogo, moja moja kwa mkono, hadi yasicheze. Ukimwaga kwa koleo yatashuka baadaye na kusukuma pande nje.

5. Ukifika sm 60, laza mawe yanayovuka ukuta wote, moja kila mita. Hapo upana umebaki sm 55, kwa hiyo tafuta ya urefu huo au kuzidi kidogo. Haya ndiyo niliyoyakosa. Yatenge siku ya kwanza, la sivyo utayazika kwenye msingi.

6. Funika juu kwa mawe mazito yanayokalia pande zote mbili.

Maswali

*Mafinga:* Mkuu, udongo wa kichuguu je? Unashika sana.

Unashika ukiwa mkavu. Ukilowa unalainika, mvua inauchuja kidogo kidogo, na mawe ya ndani yanabaki yananing'inia. Ukuta huu unatakiwa upitishe maji.

*Tukuyu:* Kwangu ni mteremko, nataka kuzuia shamba la migomba.

Huo ni mwingine, kaka. Una uso mmoja, unalalia mlimani, na mawe marefu mikia yake iingie upande wa udongo. Nyuma yake jaza mawe madogo maji yapate njia. Ukizidi mita moja usijaribu peke yako.

*Iringa:* Mawe yetu ya itale ni mviringo, yanateleza.

Yapasue kwa nyundo upate uso bapa. Yasiyopasuka weka msingini. Kabari ziingie kwa nyuma. Ya mbele huchomoka, na jiwe linaanza kucheza. Mimi hupanda juu ya kila kozi na kutembea. Linalotikisika nalitoa.