Boriti yenye bawaba: kupata kani ya egemeo kwa kazi dhahania

Tuchukue boriti ya mita 12. A, mwanzoni kabisa, ni egemeo la pini. B ni rola, mita 6 kutoka A. Bawaba C iko mita 8 kutoka A, na mwisho wa boriti, D, kuna rola nyingine. Katikati ya AB kuna mzigo wa 30 kN, na kuanzia B hadi D umesambaa mzigo wa 6 kN/m. Tunatafuta kani ya B tu.

Hatua ya 1: ondoa egemeo la B. Mahali pake weka kani R inayosukuma juu. Sasa boriti inaweza kusogea.

Hatua ya 2: isogeze. Inua B kwa kipimo 1. Kipande AC kinazunguka A kikiwa kimenyooka, kwa hiyo C inapanda 8/6, yaani 4/3. Kutoka C mstari unashuka moja kwa moja hadi sifuri pale D. Hapa ndipo wengi huteleza: wanakunja mchoro kwenye B. Boriti ni nzima pale B. Ukiikunja, momenti ya kupinda iliyopo B inafanya kazi, na hesabu inabeba kitu kingine usichokijua. Mkunjo unaruhusiwa C peke yake, kwa sababu momenti ya bawaba ni sifuri. Nazo kani mbili ambazo vipande vinasukumana pale C ni sawa na zinapingana, hivyo kazi zake zinafutana.

Hatua ya 3: hesabu kazi. Mzigo wa 30 kN uko nusu ya njia kuelekea B, hivyo unapanda 0.5. Mzigo unaelekea chini na msogeo uko juu, kwa hiyo kazi yake ni −15.

Kwa mzigo uliosambaa, zidisha 6 kwa eneo lililo chini ya mchoro wa msogeo. Kati ya B na C eneo ni 2 × (1 + 4/3)/2 = 7/3. Kati ya C na D ni ½ × 4 × 4/3 = 8/3. Jumla ni 5, na kazi ni −30.

Usikusanye mzigo huu kuwa 36 kN katikati ya BD. Pale, mita 9 kutoka A, msogeo ni 1, ungepata −36 badala ya −30. Mchoro umevunjika C, kwa hiyo kila upande uhesabiwe peke yake.

Hatua ya 4: jumla ya kazi zote iwe sifuri, kwa sababu boriti imetulia.

```
R × 1 − 15 − 30 = 0
R = 45 kN
```

A na D hazikuingia popote, maana hazikusogea.

Mimi huhakiki kwa njia ya kawaida. Kipande CD kina 24 kN, nusu yake, 12 kN, inashuka kupitia bawaba. Kipande BC nacho kina 12 kN, katikati yake ikiwa mita 7 kutoka A. Momenti kuzunguka A: 30×3 + 12×7 + 12×8 = 270. Gawanya kwa 6: 45.