SOMO: Kugeuza resipi iliyoandikwa kama aya iwe kadi yenye mahitaji na hatua za namba

Habari zenu wapendwa. Resipi nyingi tunazotumiana zinakuja kama hadithi, mtu anaandika vile anavyokumbuka, mwanzo hadi mwisho bila kupumua, na ukisoma umekaa kwenye kochi unaielewa vizuri kabisa. Shida inaanza ukiwa jikoni mikono ina unga, unatafuta ulipoishia hupaoni, halafu ndo unagundua kuna kitu kilitakiwa kifanyike nusu saa iliyopita.

Nitatumia resipi moja ya keki ya ndizi nionyeshe kila kitu. Aya yenyewe ndo hii, isomeni kwanza:

"Ponda ndizi tatu zilizoiva sana, changanya na nusu kikombe cha siagi iliyoyeyushwa ikapoa, weka sukari kikombe kimoja ila bakiza vijiko viwili vya kunyunyizia juu, mayai mawili na vanila. Weka unga kikombe kimoja na nusu uliochekechwa pamoja na beking soda kijiko kimoja cha chai na chumvi, koroga ila usizidishe. Malizia na nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kukatwakatwa. Mimina kwenye chombo kilichopakwa siagi, nyunyiza ile sukari, oka kwenye oveni iliyoshika moto wa 180 kama saa moja mpaka kijiti kitoke kikavu, iache dakika kumi ndo uitoe."

Hatua ya 1: Usianze na mahitaji. Najua kila mtu anaanza kwa kuandika orodha ya vitu, na mimi nilikuwa hivyo, ila anza na kazi zilizojificha. Chukua kalamu upigie mstari kila neno lenye ile -liyo-, -lizo-, -lio-, -licho-. Hapo juu tunapata zilizoiva, iliyoyeyushwa, uliochekechwa, zilizokaangwa, kilichopakwa, iliyoshika moto. Kila neno la hivyo linakwambia kuna kazi ilishafanyika KABLA ya pale ulipolikuta. Aya ukiisoma kwa mfuatano wake unafika kwenye karanga ukiwa tayari una mchanganyiko mbichi mkononi, na hapo ndo unaambiwa kumbe zilitakiwa ziwe zimekaangwa. Oveni nayo imetajwa mwishoni kabisa, wakati ndo ilitakiwa iwashwe wa kwanza.

Na kwa keki hii kuchelewa kuna madhara, maana beking soda ikishakutana na unyevu na uchachu wa ndizi inaanza kutoa gesi hapohapo. Mchanganyiko ukisubiri oveni ipate moto gesi inapotea, keki inatoka fupi na nzito, halafu mtu anailaumu resipi kumbe kosa ni mpangilio.

Hatua ya 2: Amua kila kazi iliyojificha inaenda wapi. Mimi nafuata hivi: kazi isiyohitaji moto wala kusubiri haipewi namba yake, inakaa kwenye mahitaji pembeni ya kitu chenyewe au ndani ya hatua inapotumika, kazi inayohitaji moto au kusubiri inakuwa hatua yenye namba yake. Kwa hiyo kukaanga karanga ni hatua. Kuyeyusha siagi na kuipoza ni hatua, na ile "ikapoa" msiifute hata kama ni neno dogo, siagi ya moto ikikutana na mayai unapata vipande vya mayai yaliyoiva ndani ya keki. Ndizi kuiva sana hiyo ni sifa ya kununulia, inabaki kwenye mahitaji.

Hatua ya 3: Sasa ndo andika mahitaji, kwa mfuatano wa kutumika, sio kwa ukubwa wala kwa thamani. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kitu kinachotumika mara mbili. Sukari hapa ni kikombe 1 lakini haiingii yote bakulini, na siagi ina ile ya kuchanganya na ile ya kupaka chombo ambayo haikupimwa. Kwenye kadi iandike palepale kwamba inagawanywa, usisubiri hatua ya 8 ndo umwambie mtu "ile sukari uliyobakiza" wakati yeye alishaimwaga yote.

Mtego wa pili ni wapi unaweka kipimo. "Unga uliochekechwa kikombe 1" na "unga kikombe 1, uchekechwe" sio kitu kimoja. Wa kwanza umechekecha ndo ukapima, una hewa, unakuwa mwepesi. Wa pili umepima ndo ukachekecha, na kikombe hichohicho kinabeba unga mwingi zaidi. Aya yetu inasema "unga kikombe kimoja na nusu uliochekechwa", yaani haieleweki. Ukiwa na mizani maliza ubishi kwa kuandika gramu, mimi kikombe kimoja na nusu nahesabu gramu 190.

Hatua ya 4: Vilivyokosekana visijazwe kimyakimya. Vanila ngapi? Chumvi ngapi? Chombo cha ukubwa gani? Aya haijasema. Muulize mwenye resipi, na kama hapatikani weka kadirio lako na alama ya (?) ili anayesoma ajue hicho ni chako sio cha mwenyewe. Chombo msikidharau, mchanganyiko uleule kwenye chombo kipana unaiva haraka kuliko kwenye kirefu chembamba, kwa hiyo "saa moja" bila ukubwa wa chombo haimsaidii mtu.

Hatua ya 5: Andika hatua, kila moja ianze na kitenzi cha kuamrisha. Kadi yangu ilitoka hivi:

KEKI YA NDIZI (keki 1, chombo cha sm 23 kwa 13 (?))

Mahitaji
- Karanga, nusu kikombe
- Siagi, nusu kikombe, na nyingine kidogo ya kupaka chombo
- Ndizi 3 zilizoiva sana
- Sukari, kikombe 1 (vijiko 2 vya chakula vikae pembeni kwa ajili ya juu)
- Mayai 2
- Vanila, kijiko 1 cha chai (?)
- Unga wa ngano, gramu 190 (kikombe 1 na nusu)
- Beking soda, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, nusu kijiko cha chai (?)

Hatua
1. Washa oveni sentigredi 180. Paka chombo siagi.
2. Kaanga karanga bila mafuta mpaka zinukie. Zipoe, zikatekate.
3. Yeyusha siagi, iache ipoe mpaka ukigusa haichomi.
4. Ponda ndizi kwenye bakuli kubwa, changanya na siagi.
5. Weka sukari (sio ile ya pembeni), mayai na vanila. Koroga.
6. Chekechea humo unga, beking soda na chumvi. Geuza kwa mwiko, unga mkavu ukiacha kuonekana tu acha hapo.
7. Changanya karanga.
8. Mimina kwenye chombo, nyunyiza ile sukari ya pembeni.
9. Oka kama dakika 60, anza kuangalia ya 50. Imeiva kijiti kikitoka katikati bila uji.
10. Iache kwenye chombo dakika 10 ndo uitoe.

Mmeona hatua ya 6, aya ilisema "usizidishe" tu, na mtu mgeni hawezi kujua kuzidisha kunaanzia wapi. Ndo maana nimeweka kitu cha kuangalia kwa macho. Kila ukikuta "usizidishe", "mpaka iwe tayari", "kiasi", jiulize jicho au pua itaona nini, uandike hicho. Na ukishaonja ukaona makadirio yako yako sawa, ndo ufute alama za (?).

Mwisho kagua kwa kidole: shika kitu cha kwanza kwenye mahitaji, kitafute kwenye hatua, tiki, nenda cha pili. Halafu rudi kinyume, kila kitu kilichotajwa kwenye hatua kiwe kipo kwenye mahitaji. Mara nyingi chumvi, maji na mafuta ya kupaka ndo vinavyopotea.

MASWALI

Swali: Dada asante kwa somo. Resipi yangu ina keki na krimu ya juu, na sukari ipo kote kote, niandike sukari mara moja jumla au mara mbili?

Jibu: Mara mbili mpendwa. Gawa kadi iwe na vichwa viwili, "Keki" na "Krimu", kila kimoja na mahitaji yake. Ukiandika jumla, siku mtu anataka keki peke yake inabidi aanze kutoa hesabu. Namba za hatua ziendelee tu moja kwa moja, usianze upya na 1, la sivyo ukisema "rudia hatua ya 3" haijulikani ni ipi.

Swali: Mi kadi yangu imefika hatua 22 na keki ni ya kawaida tu, nimekosea wapi?

Jibu: Nahisi umetoa hatua kwa kila kitenzi. Hatua inaisha pale unapoweza kuacha ukageuka kusoma tena bila kitu kuharibika, au unapobadilisha chombo. "Weka mayai", "weka vanila", "koroga" ni hatua moja, bakuli moja, pumzi moja. Ila zikifika kazi nne tano ndani ya namba moja, ikate.

Swali: Mama yangu hapimi kabisa, yeye ni kiganja na jicho. Nikimuuliza anasema "weka utakavyoona". Nafanyaje?

Jibu: Usimuulize, mpime wakati anapika. Weka kopo la unga kwenye mizani kabla hajaanza uandike, akimaliza kuchota lipime tena, tofauti ndo kipimo chake. Fanya hivyohivyo kwa sukari na mafuta. Usimpe kijiko apimie maana mkono wake utabadilika. Ukiweza rudia siku mbili tatu, utaona kama anatofautiana, na kama anatofautiana andika kati ya hiki na hiki.

Swali: Resipi niliyonayo imeandikwa moto 350 basi, na oveni yangu ni ile ya feni. Niandike ngapi?

Jibu: Hiyo 350 ni Farenaiti mdogo wangu, sawa na sentigredi 177, tunaandika 180. Kwa oveni ya feni kawaida unashusha kama 20, yaani 160. Andika zote mbili kwenye kadi, "180, kwa feni 160", na neno sentigredi usiliache.

Swali: Nimefanya ule ukaguzi wa kidole kwenye resipi ya mkate, hamira ipo kwenye mahitaji ila kwenye hatua haipo popote. Niiweke mwenyewe kwenye unga?

Jibu: Angalia kwanza ni hamira ya aina gani. Kama ni ya instanti inaingia moja kwa moja kwenye unga. Kama ni ya chembe kubwa kubwa, hiyo huwa inalowekwa kwanza kwenye maji vuguvugu dakika 5 hadi 10 itoe povu, na hapo kuna kusubiri, kwa hiyo inapata namba yake na inakaa juu kabisa ya hatua. Ukiamua, weka (?) mpaka umuulize mwenye mkate.